Ada, sare, vitabu na basi: kumwandalia mtoto shule ukiwa mbali

Ukiwa nje na mtoto anasoma nyumbani, hesabu siku kuanzia ile ya kufungua shule ukirudi nyuma. Wengi wetu tunahesabu kuanzia siku ya mshahara, na hapo ndipo mambo yanapokwama, kwa sababu fedha, fundi na basi kila kimoja kinahitaji muda wake.

Wiki sita kabla, andikia shule. Usimtume bibi wala shangazi akuulizie kwa mdomo, maana utapata kiasi kilichozungushwa na jina la akaunti lililokosewa herufi. Ujumbe wenyewe ni mfupi: "Habari za kazi. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la nne, namba ya usajili hii hapa. Naomba mchanganuo wa ada ya muhula ujao, deni la nyuma kama lipo, jina kamili na namba ya akaunti ya shule, orodha ya sare na vitabu, na utaratibu wa basi. Naomba pia kujua risiti inatolewa lini baada ya malipo." Majibu yakija, pigia simu namba ya shule uliyokuwa nayo tangu zamani, umsomee mhasibu namba ya akaunti. Barua pepe yenye akaunti "mpya" ni mtego unaojulikana, na kuthibitisha kwa simu ni kazi ya dakika mbili.

Ada ndiyo yenye mambo mengi. Ukilipa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kwa benki, fedha kwa kawaida huchukua siku moja hadi tano za kazi, na njiani huenda zikapitia benki nyingine ya kati. Kwenye fomu ya kutuma utaona sehemu ya makato yenye machaguo matatu: OUR, SHA na BEN. OUR maana yake gharama zote unalipa wewe. SHA mnagawana, yaani unalipa za benki yako na zinazobaki zinakatwa kwenye fedha zenyewe. BEN zote anakatwa mpokeaji. Mwaka wangu wa kwanza niliacha SHA kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeshawekwa alama. Nilituma kiasi kamili, kikafika pungufu kidogo tu, lakini kwenye daftari la shule mwanangu akaonekana anadaiwa. Aliitwa nje ya foleni mbele ya wenzake siku ya kufungua. Tangu siku hiyo nachagua OUR, na namuuliza mhasibu kama benki yao nao wana makato ya kupokea, ili niyaongeze.

Mahali pa maelezo ya malipo andika namba ya usajili ya mtoto kwanza, kisha jina lake, kisha muhula. Usiandike "ada ya shule" peke yake, kwa sababu fedha zikifika kwa jina lako la nje, ambalo shule hailijui, zitakaa bila mwenyewe.

Sasa tuhesabu. Tuseme shule inafunguliwa Jumatatu tarehe 11 Januari, na unataka fedha ziwe zimefika Jumatano tarehe 6. Tarehe 1 Januari ni sikukuu, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Kwa hiyo siku tano za kazi zinakurudisha hadi Jumanne tarehe 29 Desemba, na hapo hujabakiza nafasi yoyote ya kosa. Mimi ningetuma kabla ya tarehe 22, kwa sababu kuanzia 24 benki nyingi zinafanya kazi nusu nusu. Siku tano zikipita bila fedha kuonekana, omba benki yako nakala ya ujumbe wa malipo, ambayo wafanyakazi wengi wa benki bado wanaiita MT103. Mtumie mhasibu, maana benki ya shule inaweza kuitumia kuzitafuta fedha. Na picha ya skrini inayosema "imetumwa" si risiti. Risiti ni ile ya shule yenye namba yake na jina la mtoto.

Kama hali hairuhusu kulipa zote kwa mara moja, mwambie mhasibu wiki nne kabla, si wiki ya mwisho. Omba tarehe za awamu kwa maandishi.

Sare zianze wiki tano kabla ya kufungua, maana mafundi wanafurika kadiri muhula unavyokaribia. Kwanza uliza vipande gani lazima vinunuliwe shuleni. Mara nyingi ni sweta na tai zenye nembo, na vilivyobaki fundi anaweza kushona. Kisha mpigie simu ya video anayekaa na mtoto mpime pamoja. Mtoto avae nguo nyepesi, asiwe na viatu, asivute tumbo. Tepu ipite kifuani chini ya makwapa, kiunoni, nyongani, bega hadi kifundo cha mkono, na kiunoni hadi goti au kifundo cha mguu, huku vidole viwili viweze kupita chini yake. Pima mara mbili, na zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, pima ya tatu. Ukisikia "anavaa namba kumi", usikubali, kwa sababu namba hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Mtoto wa shule ya msingi hukua kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, na akianza kubalehe huenda zaidi. Kwa hiyo usinunue nguo inayomzamisha. Mwombe fundi aache pindo la sentimita 5 au 6 ndani ya sketi au suruali, likunjuliwe katikati ya mwaka. Viatu vipimwe jioni, amesimama juu ya karatasi, miguu yote miwili, kuanzia kisigino hadi kidole kirefu. Chukua mguu mkubwa, ongeza kama sentimita moja.

Vitabu ni rahisi ukiwa na orodha kamili. Kosa kubwa ni toleo: jina moja, jalada jipya, kurasa tofauti, na mtoto anabaki nyuma mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 42". Linganisha namba ya ISBN ya tarakimu 13 nyuma ya kitabu. Kabla ya kununua, toa vile shule inavyotoa yenyewe na vile vya kaka au dada yake vinavyofaa bado. Kwa madaftari, uliza ya mistari ni mangapi na ya viboksi mangapi.

Basi hulipiwa mara nyingi mbali na ada, wakati mwingine kwa akaunti nyingine, kwa hiyo usidhani limo ndani. Wiki tatu kabla, hakikisha jina la mtoto limeingia kwenye orodha ya njia yake, kituo cha kupandia, saa ya asubuhi na saa ya kurudi. Kwenye fomu, namba ya kwanza ya simu iwe ya mtu aliye karibu na mtoto. Yako iwe ya pili, maana basi likiharibika saa kumi jioni kwao, wewe huenda umelala. Andika pia majina mawili ya wanaoruhusiwa kumpokea. Jumamosi kabla ya kufungua, anayemlea atembee naye hadi kituoni akiangalia saa, kisha akutumie dakika walizotumia na picha ya mahali penyewe.