Maharage yaliyokwama chini ya gamba: kutunza udongo tifutifu wa mchanga laini ili miche itoke

Mbegu isipotoka, lawama ya kwanza humwendea aliyeiuza. Kabla hujalaumu mtu, chukua kisu uende kwenye mstari uliokawia kuota na uufukue taratibu. Kwenye udongo tifutifu wenye mchanga laini mwingi, mara nyingi utaikuta mbegu imeota vizuri kabisa. Ina mizizi, ina shingo nene nyeupe, ila shingo hiyo imejikunja chini ya gamba gumu la udongo lisilopitika. Mbegu imemaliza kazi yake, kilichokwamisha ni udongo wa juu.

Udongo huu una tatizo la kimaumbile. Mfinyanzi wake ni kidogo, na mboji nayo huwa kidogo, kwa hiyo mabonge yake hayana cha kuyashika. Tone la mvua likipiga bonge lililo wazi, linalivunja. Bonge lililokauka sana likilowa ghafla hupasuka lenyewe, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani inasukumwa na maji yanayoingia. Chembe laini hutiririka na kuziba matundu ya juu, kisha jua likiwaka zinashikana. Udongo wa mfinyanzi unaovimba na kunywea hujipasua nyufa ukikauka, na mche hupata pa kupenya. Huu wa mchanga laini haujipasui kiasi hicho, hivyo gamba likishajijenga, halijitibu lenyewe.

Kuna hali mbili zinazofanana kwa juu, na dawa zake hazifanani. Ingiza ncha ya kisu mita moja pembeni ya mstari, siku mbili tatu baada ya mvua. Kama juu kunabanduka kipande chembamba cha milimita chache, na chini yake udongo bado ni mlegevu na una unyevu, hilo ni gamba. Kama kisu kinagoma tangu juu hadi sentimita 10 au zaidi, na udongo uliolimwa majuzi umerudi kuwa mgumu kana kwamba haujaguswa na jembe, hapo tabaka zima limeporomoka lilipolowa na kuganda lilipokauka. Gamba linazuilika kwa kufunika ardhi. Huku kuganda kwa tabaka zima kunahitaji kubadili namna unavyolima.

Kipimo cha pili ni cha maji, na ningependa kila mkulima wa udongo huu akifanye kabla ya msimu. Chukua mabonge matatu makavu ya ukubwa wa punje ya mahindi. Yaweke taratibu kwenye kikombe cha kioo chenye maji ya mvua, kila moja mahali pake, wala usikoroge. Usitumie maji ya kisima yenye chumvi, yatakudanganya. Bonge likisambaratika ndani ya dakika chache lakini maji yakabaki safi, udongo wako umepungukiwa mboji. Ukirudi baada ya saa mbili, kisha kesho yake, ukakuta wingu jeupe kama maziwa limelizunguka bonge, basi kuna sodiamu inayotawanya mfinyanzi.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Jasi, madini yenye kalsiamu yanayomwagwa shambani, husaidia hali ya wingu jeupe tu. Kwenye udongo unaosambaratika bila kuchafua maji, jasi haitakufaa, hata ukimwaga gunia juu ya gunia. Ukiona wingu, peleka udongo maabara upimwe sodiamu, kisha ufuate kiwango utakachopewa. Kiwango cha kawaida huanzia tani 2 kwa hekta, yaani gramu 200 kwa mita ya mraba. Kwa ajili ya gamba, isambaze juu na usiifukie chini sana, kwa sababu kazi yake ni kuyeyuka katika maji ya mvua yanayogonga uso wa udongo. Kwenye ardhi ya kichanga huoshwa na mvua, kwa hiyo usitegemee itadumu miaka mingi.

Kwa wengi wetu kinga halisi ni matandazo na kulima kwa kiasi. Tani 3 za mabua au nyasi kavu kwa hekta ni gramu 300 kwa mita ya mraba. Juu ya mstari wa mbegu weka tabaka jembamba la nyasi laini, na mabua mazito yakae katikati ya mistari. Ukirundika matandazo mazito juu ya mstari utakuwa umeondoa gamba na kuweka kizuizi kingine. Kama mabaki hayatoshi shamba zima, funika mistari kwanza.

Wakati wa kulima, usiusage udongo. Rotaveta au haro ikipita mara tatu, shamba linapendeza machoni, lakini huo unga ndio gamba la kesho. Acha mabonge madogo juu, mbegu yenyewe ipate udongo laini pale ilipo tu. Fumba udongo mkononi kisha uusukume kwa dole gumba: ukimeguka, lima, ukinata, subiri. Pale tabaka zima linapoganda, ni heri kufungua mistari au mashimo ya kupandia tu, uchanganye samadi iliyooza humo, na kuacha sehemu nyingine bila kuitibua.

Tuseme umepanda maharage kwa sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mbegu, kina cha sentimita 4. Usiku wa pili ikanyesha mvua kubwa, kisha jua kali kwa siku kadhaa. Usisubiri hadi uone mapengo. Siku ya nne, fukua sehemu tano tofauti uone shingo zimefika wapi.

Zikiwa bado chini ya gamba kwa sentimita mbili au zaidi, pitisha reki yenye meno membamba alasiri, wakati miche imelegea kidogo na haivunjiki upesi. Ivunje gamba tu, isizame kufikia shingo. Shingo zikiwa tayari zimegusa gamba, weka reki chini. Maharage hutoka yakivuta majani ya mbegu kwa shingo iliyopinda, na shingo hiyo ikikatika mche umekwisha.

Dawa inayobaki ni maji. Gamba lililolowa hulainika, na shingo hulisukuma. Milimita 5 kwenye ukanda wa sentimita 20 juu ya mstari ni lita 1 kwa kila mita ya mstari, kwa hiyo mstari wa mita 50 unataka lita 50. Tumia keni yenye matundu madogo, jioni, na urudie kabla gamba halijakauka tena. Kumwaga kwa ndoo kunajenga gamba jipya.

Baada ya siku mbili hesabu kwenye mita moja, sehemu tano. Miche 6 au 7 kati ya 10, iliyosambaa sawasawa, mimi ningeiacha, kwani maharage hutanua matawi. Pengo la zaidi ya nusu mita lirudishie mbegu mapema, mbili au tatu kwa shimo ili zisaidiane kuinua udongo, kisha ufunike kwa nyasi siku hiyohiyo.