Fensi ya duranta iliyobaki vijiti chini: namna ya kuirudishia majani

Fensi nyingi za duranta hapa Tabora zimejaa juu, lakini chini ni vijiti vitupu na kuku wanapita wanavyotaka. Wenye nyumba husingizia udongo wa kichanga. Mara nyingi tatizo ni ukataji: juu kumeachwa kutanuka kuliko chini, kivuli kikafunika matawi ya chini, yakafa. Hata umwage samadi kiasi gani, pasipofika jua hapachipui.

Tuchukue fensi ya mita 10 mbele ya ofisi ndogo kule Cheyo, kimo chake mita 2.

1. Ngoja mvua. Kata udongo ukishalowa vizuri, kwa kawaida Novemba. Ukikata sana Julai, mashina yaliyozoea kivuli yanaunguzwa na jua, na machipukizi yanakosa maji.

2. Kagua. Kwanza tikisa fensi kwa fimbo ndefu, maana nyigu hupenda kujenga humo. Kisha kwaruza gome kwa ukucha, karibu na ardhi. Ukiona kijani, shina lina uhai. Ukiona kahawia kavu mpaka chini, ling'oe na upande jingine kwenye pengo.

3. Punguza. Simika kigingi kila mwisho, funga kamba kwenye kimo cha sentimita 120, ukate kwa kuifuata. Matawi manene kuliko kidole gumba yanataka msumeno. Panga huchana gome, na kidonda cha namna hiyo huchelewa kupona. Halafu kata upande mmoja tu, tuseme wa barabarani, ubakize kama sentimita 15 kutoka kwenye mashina. Upande wa ndani uache na majani yake, ndiyo yatakayolisha mizizi wakati huku kunachipua. Ofisi itaonekana imenyolewa nusu kichwa, kwa hiyo mwambie mteja mapema.

4. Weka samadi. Iwe imeoza. Mbichi huunguza mizizi. Debe moja kwa kila mita 2 linatosha, ulichanganye na udongo wa juu. Nyasi za kutandaza zikae mbali na shina kwa upana wa kiganja, la sivyo umewaita mchwa.

5. Kata ncha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaacha machipukizi yarefuke ndipo wakate, na fensi inarudi kuwa wazi ndani. Yakifika sentimita 15, yakate nusu. Kila moja litatoa matawi mapya pembeni.

6. Tengeneza mteremko. Kila unapokata, chini kuwe kupana kuliko juu: sentimita 80 chini, 50 juu. Wateja wengi hudai ukuta ulionyooka wima, mimi huwakatalia. Matawi yenye vile vitunda vya njano yazoe yote, kwani ni sumu kwa watoto.

Upande wa ndani ukate msimu wa mvua unaofuata, wa barabarani ukiwa umeshajaa.