Wilibaro: gurudumu likigoma kutoka kwenye ekseli, usilipige. Toa pini kwanza

Ndugu mkulima, ekseli za wilibaro zinazopelekwa kwa mchomeleaji mara nyingi hazikuharibiwa na mzigo. Zimeharibiwa na nyundo ya mwenye wilibaro. Gurudumu limekwama, beringi zinalia, mtu anataka kulitoa abadilishe. Anaitazama pini iliyopita kwenye tundu la ekseli kulizuia gurudumu lisichomoke, imeliwa na kutu, anaona haina nguvu tena, kisha anapiga rimu kwa upande au anapiga kichwa cha ekseli akitumaini pini itakatika yenyewe na gurudumu lipite.

Pini hukatika kweli, na hapo ndipo hasara inapoanza. Inakatikia kwenye mdomo wa tundu. Ncha mbili zinaanguka chini, kipande cha katikati kinabaki ndani ya ekseli, tena kimebanwa zaidi kuliko kabla, na washa iliyosukumwa juu yake inakwaruza chuma na kuacha ukingo mkali. Kichwa cha ekseli kilichopigwa nyundo nacho kimepanuka kama uyoga. Ongezeko la nusu milimita tu linatosha kuzuia beringi isipite. Kwa hiyo sasa una gurudumu lisilotoka, pini isiyoshikika na ekseli ya kukata kwa msumeno. Pini mpya ni bei ya chapati. Ekseli mpya pamoja na kazi ya kuchomelea si bei hiyo, nawe unajua.

Huku kwenye migomba, kuanzia Masaka hadi Mbarara, wilibaro hiyohiyo inabeba samadi mbichi asubuhi na simenti jioni, kisha inalala nje kwenye mvua. Unyevu wa samadi una chumvi na mkojo wa ng'ombe, na hukaa kwenye tundu la pini muda mrefu kuliko mahali pengine kwa sababu jua na upepo havifiki. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Pini iliyoingia kwa vidole siku ya kwanza, baada ya misimu miwili ya mvua inakuwa imevimba na kulijaza tundu lote. Haijalegea hata kama nje inaonekana nyembamba kama sindano. Usidanganywe na sehemu ya nje.

Tuchukue wilibaro ya kawaida yenye ekseli ya unene wa milimita 16. Tundu lake ni la milimita 4, nayo pini ni ile ya waya uliokunjwa: upande mmoja ina kichwa cha duara kama jicho, upande mwingine miguu miwili iliyopanuliwa ili isichomoke. Ekseli ina pini mbili, moja kila upande wa gurudumu. Huhitaji kuzitoa zote. Chagua ile ambayo jicho lake bado ni zima.

Kazi inaanza jioni, si asubuhi. Hili ndilo watu hawalitaki kulisikia. Fungua ekseli kutoka kwenye fremu, weka gurudumu chini na usugue pande zote mbili za tundu kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Ukiacha tope na samadi iliyokauka, mafuta yataishia kwenye tope. Changanya vizibo viwili vya soda vya dizeli na kizibo kimoja cha oili mpya ya injini. Dizeli ni nyepesi, inapenya kwenye ufa wa kutu, na oili inabaki nyuma kulainisha. Oili chafu peke yake ni nzito mno, na grisi ndiyo kabisa haipenyi. Kupaka grisi juu ya pini iliyokwama ni sawa na kuipaka nje ya mlango uliofungwa.

Geuza ekseli mpaka tundu lisimame wima, jicho likiwa juu. Dondosha mchanganyiko ndani ya jicho, matone matano au sita, mpaka uone umejaa kati ya nusu mbili za pini. Kisha chukua nyundo ndogo ugonge ubavu wa ekseli karibu na pini mara 10 au 15, kidogokidogo, kama mtu anayebisha hodi. Ni ubavu, si kichwa cha ekseli. Mtikisiko huo mdogo unapasua kutu na kuruhusu mafuta yashuke. Baada ya dakika 10 utaona jicho limekauka, maana yake mafuta yameingia. Ongeza. Kabla ya kulala, igeuze ekseli miguu ya pini iwe juu, uweke tena upande huo. Iache saa 12. Hatukusema saa moja, wala "mpaka nimalize kunywa chai". Wanaovunja pini ndani ya tundu karibu wote hawakusubiri usiku huo mmoja.

Asubuhi, jambo la kwanza ambalo mkono utataka kufanya ni kunyoosha miguu ya pini kwa koleo. Usifanye hivyo. Chuma kilichokunjwa na kuliwa na kutu hukatika kikinyooshwa, na mguu ukikatika peke yake hukatikia ndani kidogo, ukaacha shimo lisilo sawa ambapo hakuna kitu cha kusukuma. Pini hii haitarudi tena kwenye ekseli, kwa hiyo miguu yake usiihurumie. Sukuma washa irudi kwenye gurudumu upate nafasi, kisha ikate miguu yote miwili kwa msumeno wa chuma, karibu kabisa na ekseli. Maliza kwa tupa mpaka ncha za pini ziwe sawa na uso wa ekseli. Pitisha kidole. Ukihisi kipele chochote, endelea kupiga tupa, kwa sababu kipele hicho kitakataa kuingia kwenye tundu.

Sasa unahitaji kisukumio. Msumari wa inchi 2½ mara nyingi una unene wa karibu milimita 3, na huo ndio tunautaka kwa tundu la milimita 4. Uweke kando ya pini mpya: uwe mwembamba kuliko pini, bila ubishi. Kata misumari miwili, mmoja ubaki na urefu wa sentimita 2 pamoja na kichwa chake, mwingine sentimita 4. Kisha ipige tupa ncha zake ziwe bapa kabisa.

Ubapa huo si urembo. Pini ni nusu mbili za waya zilizolaliana, na kati yake kuna mstari. Msumari wenye ncha kali utaingia kwenye mstari huo kama kabari na kuzitenganisha nusu mbili, zibane kuta za tundu. Kadiri unavyopiga ndivyo unavyoifunga. Ncha bapa inasukuma nusu zote mbili kwa pamoja.

Laza ekseli juu ya kipande kigumu cha mkaratusi chenye tundu au mwanya wa sentimita 1, jicho la pini likitazama chini ndani ya mwanya huo. Mti uiguse ekseli pale pale kwenye pini. Mtu akiliacha gurudumu ndilo lishike uzito, tairi lenye upepo litaruka kila pigo na nguvu yote itaishia kwenye mpira. Toa upepo, na uegemeze rimu ili ekseli ilale sawa.

Unasukuma kutoka upande wa miguu kuelekea jicho. Rudia hiyo kichwani mwako kabla ya kuinua nyundo. Jicho ni pana kuliko tundu, halipiti. Ukipiga jicho, unalisukuma likakae ndani ya mdomo wa tundu kama kizibo, na baada ya hapo hata fundi mzuri atakulaumu. Wala usilivute jicho kwa koleo kabla pini haijasogea, kwa kuwa jicho hufunguka au hukatika mapema kuliko kutu kuachia.

Shika msumari mfupi kwa koleo, si kwa vidole, na upige kwa nyundo ya nusu kilo. Mapigo mafupi, makavu, kumi. Tazama jicho upande wa chini. Kama halijasogea, acha. Pigo la 11 na la 20 havitafanya ambacho la 10 limeshindwa kufanya. Vitapanua tu ncha ya pini ndani ya tundu kama kichwa cha ribiti. Weka mafuta, gonga ubavu wa ekseli, subiri saa 2, kisha kumi mengine. Ikisogea hata milimita moja, ongeza mafuta hapo hapo, badilisha uingize msumari mrefu, na ukishaona jicho limejitenga na ekseli milimita 5 unaweza kulishika na kuvuta huku ukizungusha.

Pini ikitoka, washa inachomoka kwa mkono na gurudumu linateleza.

Ikiwa tayari ulishaikata zamani kwa nyundo na kipande kimebaki ndani, bado jaribu njia hiyohiyo: tupa pande zote mbili, mafuta usiku mzima, msumari bapa. Ikishindikana, mpelekee mwenye drili, na mwambie aanze na keekee ya milimita 2.5 kisha 3.5. Asianze na 4. Ule mstari wa katikati ya pini huipotosha keekee, na ikiegemea upande mmoja itakula ekseli na kulifanya tundu kuwa yai. Moto usiuruhusu karibu na gurudumu lenye tairi. Mpira utaungua kabla kutu haijashtuka.

Kabla ya kurudisha, ondoa kwa tupa ukingo wowote mkali kwenye kichwa cha ekseli na kwenye mdomo wa tundu, la sivyo utakwaruza beringi mpya. Pini mpya iwe ya milimita 4, urefu wa milimita 25 ukipima kutoka chini ya jicho: 16 za ekseli na 9 za kukunja. Iliyo fupi kuliko hapo haikunjiki vizuri, ndefu sana inagusa mavi na majani na kuyakusanya. Ipake grisi yote kabla ya kuiingiza. Hapa ndipo grisi ina kazi. Kunja mguu mmoja kuelekea kichwa cha ekseli na mwingine ubavuni. Msumari uliokunjwa, ambao nusu ya wilibaro za kijiji zinatembea nao, si pini. Hauna jicho, ni mwembamba kuliko tundu, unacheza na kulipanua, na siku utakapokatika gurudumu litabaki nyuma ukiwa katikati ya mteremko na kilo 80 za samadi mikononi.