Mgonjwa anakohoa: barakoa gani, dirisha lipi, glavu lini

Nimekua nikisimamia kinga ya maambukizi wodini kwa muda sasa na kitu ninachokiona kila wakati ni hiki, mgonjwa akishatajwa kua na ugonjwa wa kuambukiza watu wanavaa kila kitu kilichopo kwenye kabati, glavu, gauni, barakoa mbili, halafu dirisha limefungwa. Kwa hiyo hapa naenda hatua kwa hatua na mgonjwa mmoja, mtu mzima amekohoa wiki tatu, amekonda, usiku anatoka jasho mpaka shuka linaloa. Yaani TB mpaka ithibitishwe sio.

Hatua ya 1: jiulize mdudu anasafiri vipi, kabla hujagusa kabati

Majibu ni matatu. Kuna wanaoelea hewani na kusambaa chumba kizima, hapo weka TB, surua na tetekuwanga. Kuna wanaoruka kwa matone ya kikohozi na chafya na kuwapata zaidi waliokaribu, mita moja mpaka mbili hivi, hapo kuna bakteria wa meningokoka anayeleta homa ya uti wa mgongo, kifaduro, matumbwitumbwi na mafua ya influenza. Halafu kuna wanaohama kwa mikono na vitu, kama upele wa skabi, norovirasi, bakteria sugu wa kwenye vidonda na yule klostridiamu difisili wa kuharisha.

Wengine wako kundi zaidi ya moja. Tetekuwanga inaelea hewani na pia iko kwenye maji ya yale malengelenge, kwa hiyo huyo anataka N95, ile barakoa ya kuchuja hewa inayobana usoni, pamoja na glavu na gauni. Na mjue mpaka kati ya hewa na matone sio ukuta. Zamani tulifundishwa kwamba chembe chini ya maikroni 5 inaelea na juu yake inaanguka, lakini mtu akikohoa anatoa chembe za kila saizi kwa pamoja, na mwaka 2024 WHO ilitoa istilahi mpya ambazo haziweki tena mstari huo. Mgonjwa wa influenza kwenye chumba kidogo kisicho na hewa anaweza kumuambukiza hata aliyekaa mbali kidogo. Makundi yanabaki kua na kazi kwa sababu yanakuambia njia kubwa ni ipi.

Huyu wetu ni TB, njia ni hewa. Shuka lake, sahani yake, kitasa alichoshika, hivyo haviambukizi TB. Glavu hapa ni za damu na makohozi kama kwa mgonjwa yeyote, hazikuzuii kuvuta hewa.

Hatua ya 2: barakoa ya mgonjwa ni tofauti na yako

Mgonjwa mpe barakoa ya upasuaji, ile ya kawaida, mara tu anapoingia mapokezi, hata kabla ya kumuandikisha. Kazi yake ni kukamata makohozi pale pale mdomoni kabla hayajakauka na kua chembe ndogo zinazoelea. Usimpe N95, anapumua kwa shida tayari, na ile yenye vali ndio mbaya kabisa maana pumzi yake inatoka bila kuchujwa.

Wewe unayeingia chumbani vaa N95. Ile ya upasuaji haikutoshi kwa TB kwa sababu ukivuta pumzi hewa inapita pembeni mwa mashavu, haipiti kwenye kitambaa. Ukishavaa N95 funika kwa viganja viwili upulize kwa nguvu, ukisikia upepo puani juu au shavuni inavuja, bana ile chuma ya pua upya na urekebishe mikanda. Halafu vuta pumzi, inatakiwa ijivute kidogo kuelekea usoni. Mwenye ndevu pale inapokaa barakoa haiwezi kuziba, hiyo haina mjadala.

Angekua na meningokoka ningevaa ya upasuaji tu nikimsogelea, na ningeendelea hivyo mpaka masaa 24 yapite tangu aanze antibayotiki inayofaa. Tone linalorushwa usoni linazuiwa vizuri na ile barakoa hata kama pembeni iko wazi.

Hatua ya 3: pima hewa ya chumba

Hapa ndio watu wanaruka, na ndipo kuna kazi kubwa. N95 inalinda pua moja, ukivua imekwisha. Hewa inayopita inamlinda kila mtu humo ndani, hata yule ndugu aliyeleta chakula bila kumuuliza mtu. Kwa TB na surua hilo ni la lazima, virusi vya surua vinaweza kubaki hewani mpaka masaa mawili baada ya mgonjwa kuondoka. Kwa matone ya karibu dirisha linasaidia kiasi tu, tone linakufikia kabla upepo haujafanya chochote, na kwa skabi hata uondoe paa lote haisaidii.

Kwa madirisha ya kawaida kadiria hivi mizunguko, yaani hewa yote ya chumba inabadilika mara ngapi kwa saa:

```
mizunguko kwa saa = 0.65 x upepo (m/s) x uwazi mdogo (m2) x 3600 / ujazo (m3)
```

Chumba chetu ni mita 5 kwa 4, kimo mita 3, ujazo 60. Upande mmoja kuna dirisha la kusukuma la mita 1 ya mraba lakini linafunguka nusu, kwa hiyo hesabu 0.5, upande wa pili kuna mlango wa nje wazi, mita za mraba 1.6. Tunachukua uwazi mdogo, 0.5. Upepo ni 0.5. Inakuja 9.75, tuseme hewa inabadilika mara 10 kwa saa, sawa na lita 162 hivi kwa sekunde, na WHO inataka wastani wa 160 kwa mgonjwa wa namna hii. Inatosha, ila kwa shida. Funga upande mmoja na hesabu hiyo haipo tena, maana hewa ikikosa pa kutokea haiingii.

Halafu washa kijiti cha udi pale anapolala mgonjwa uangalie moshi unaenda wapi. Ukija kwenye kiti chako, hamisha kiti, au geuza feni isukume kuelekea dirishani. Moshi ukitoka kwenda korido waliko wagonjwa wengine, chumba hicho hakifai hata kama hesabu ni nzuri.

Hatua ya 4: kutoka, na kumuingiza mwingine

N95 unavua nje ya chumba, mlango ukiwa umeshafungwa, kwa kushika mikanda, halafu unasafisha mikono. Sanitaiza inatosha hapa. Kwa klostridiamu difisili haitoshi, spora zake haziuliwi na spiriti, huyo ni sabuni na maji na klorini kwenye sakafu na kitanda.

Mgonjwa akihamishwa chumba kinasubiri. Kwa mizunguko 10 asilimia 99 ya chembe zinaondoka kwa dakika 28 hivi, mimi nasubiri 40 kwa sababu kona za chumba hazipati hewa sawa. Usiku watu wakifunga madirisha kwa baridi mzunguko unaweza kushuka mpaka 1, na hapo ni zaidi ya masaa manne na nusu. Anayeingia kufagia kabla ya muda huo anavaa N95 kama vile mgonjwa bado yupo kitandani.