Neno la madhabahuni na neno la kadi ya friji: namna ya kuchagua kati ya ahadi, nadhiri, kiapo, hakikisho na dhamana

Kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri, na wiki moja nilikuwa na karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa ya bwana harusi aliyejiandikia maneno ya kumwambia mkewe kanisani. Nyingine ilikuwa kadi ya friji ya muuza vifaa vya umeme. Bwana harusi ameandika: "Nakupa dhamana ya upendo wangu." Muuzaji ameandika: "Tunaahidi friji hili litakufurahisha." Kila mmoja alikuwa ameshika neno la mwenzake.

Hatua ya kwanza: uliza neno linatolewa kwa nani. Kama ni kwa mtu unayemtazama usoni, ni ahadi. Kama ni kwa Mungu, ni nadhiri. Kama Mungu au sheria inaitwa kushuhudia kwamba husemi uongo, ni kiapo. Kama ni kwa mnunuzi ambaye kesho atarudi na risiti mkononi, ni dhamana, au waranti kama wanavyosema dukani.

Kwenye nadhiri nenda polepole, maana wengi huidhani ni ahadi iliyovalishwa suti. Kwa Mkatoliki, wanaoweka nadhiri ni watawa: ufukara, useja na utii. Ukiandika "nadhiri za ndoa" kwenye ratiba ya misa, kuna shangazi atakayejiuliza bibi harusi anaolewa au anaingia utawani. Kwa Mwislamu, nadhiri ni ya mtu anayesema mwanangu akipona nitafunga siku tatu. Nikahi yenyewe haina kipengele hicho. Ina ijabu na kabuli, walii anaoza na bwana harusi anakubali. Kwa hiyo ukipewa ratiba ya harusi ya Kiislamu, usiingize kichwa cha "nadhiri za maharusi" kwa kuwa tu umekiona kwenye ratiba nyingine.

Hatua ya pili: lijaribu neno kwa kitenzi chake. Ahadi hutolewa, hutimizwa, huvunjwa. Kiapo huapwa au huliwa. Nadhiri huwekwa, kisha huondolewa, na kuiondoa ndiko kuitimiza. Ndivyo isemavyo Biblia ya Union kwenye Mhubiri 5:4. Mfasiri asiyejua hilo huandika "kuondoa nadhiri" akimaanisha kuifuta. Dhamana nayo hutolewa, lakini pia huisha muda, na watu huwekewa. Mtuhumiwa huwekewa dhamana, nyumba huwekwa dhamana benki. Ndiyo maana "dhamana ya upendo" inanukia mahabusu na mkopo. Kitu chenye tarehe ya kuisha hakimfai bibi harusi.

Hatua ya tatu: uliza, likivunjika, nani anafanya nini? Hapa ndipo hakikisho linapoanguka. "Tunakuhakikishia ubora" ni maneno ya kumtuliza mteja. Hayasemi duka litafanya nini. Dhamana lazima iseme. Kadi ya friji tuliiandika upya hivi:

"Dhamana ya miezi 12 tangu tarehe ya kununua. Kompresa ikiharibika kwa kasoro ya kiwandani, tutaitengeneza au kuibadilisha bila malipo. Leta friji, risiti na kadi hii yenye mhuri wa duka. Dhamana haihusu uharibifu uliotokana na umeme kupanda na kushuka, wala friji lililofunguliwa na fundi asiye wetu."

Muuzaji alitaka kubakisha "tunaahidi" juu kabisa. Nilimkatalia. Mteja akisoma ahadi ya kufurahishwa, atalirudisha friji kwa sababu rangi haijamfurahisha, na mtabishana kaunta hadi jioni.

Bwana harusi nilimbadilishia sentensi moja tu: "Nakuahidi kuwa mwaminifu kwako, katika raha na shida, siku zote za maisha yangu." Kitenzi kimebeba kila kitu. "Ninatoa ahadi ya uaminifu" ingekuwa sauti ya waziri jukwaani. Tahadhari kwa wenye kanisa lenye maneno yake rasmi: hayo hayaguswi. Muulize padri au mchungaji kwanza, na maneno yako ya moyoni uyapeleke ukumbini.

Mtego mmoja umebaki, na uko kwenye harusi hiyohiyo. Katika daftari la kamati, "ahadi" ni safu ya fedha: fulani ameahidi laki moja, taslimu ametoa elfu hamsini. Kwa hiyo mshereheshaji akitangaza "sasa ni muda wa ahadi" bila kuongeza neno, nusu ya wajomba watainamia simu zao. Kwenye ratiba yake tuliandika "Maharusi kuahidiana."