Mambo ya kuzingatia kabla ya kuagiza boila ya gesi kwa dobi la hoteli Mtwara

Hoteli inayojengwa Mtwara ina bahati ya kuwa karibu na gesi ya Mnazi Bay inayosafishwa Madimba, lakini ukaribu huo hauna maana ya kuwa bomba limefika kwenye kiwanja chenu. Kabla ya kuchora chochote, pateni kwa maandishi kutoka kwa msambazaji mgandamizo wa gesi utakaofika kwenye mita yenu na kiasi cha juu mtakachoruhusiwa kutumia kwa saa, kwa sababu kichomeo huchaguliwa kwa takwimu hizo mbili. Pale ambapo bomba halijafika na hoteli italazimika kutumia gesi ya mitungi, mambo kadhaa hubadilika, na kubwa kati ya hayo ni kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni, wakati gesi asilia hupanda kuelekea darini. Kwa hiyo hata kitambuzi cha uvujaji hakifungwi mahali pamoja kwa gesi zote mbili.

Jambo la kwanza la kukokotoa ni mzigo wa dobi lenyewe, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tuchukue hoteli ya vyumba 80 inayofua kilo 320 za shuka na taulo kwa siku ya saa nane, ikiwa na mashine mbili za kufulia, mbili za kukaushia na moja kubwa ya kupigia shuka pasi, zote zikitumia mvuke. Tuseme vibao vya mashine vinaonyesha kilowati 85 kwa kila mashine ya kufulia, 45 kwa kila ya kukaushia na 50 kwa ya pasi. Muuzaji akijumlisha hupata 310, akiongeza robo ya tahadhari hufika karibu 390, na hoteli huletewa boila ya kilowati 400 ambayo siku nzima itakuwa ikiwaka dakika chache na kuzima. Kila inapozima na kuwaka tena, feni hupitisha hewa ndani yake kwanza ili kusafisha chumba cha moto, na hewa hiyo hutoka na joto ambalo gesi yake mmeshailipia.

Njia iliyo sahihi ni kuchora mzigo wa kila saa. Mashine ya kufulia huhitaji kilowati 85 kwa dakika kama nane tu, wakati inapopasha maji. Muda uliobaki wa mzunguko wake haihitaji kitu cha maana. Mkiweka tangi la maji moto la lita 1,000 linalopashwa polepole kutwa nzima, maji ya kufulia, ambayo ni takriban lita 400 kwa saa yakipandishwa kutoka nyuzi 27 hadi 65, yatahitaji kilowati zisizozidi 20. Mashine za kukaushia zikianza kwa kupishana, mzigo wake wa pamoja utakuwa kama 65, na ya pasi itabaki na 50 zake. Jumla ni 135, na tukiongeza asilimia 15 kwa joto linalopotea kwenye mabomba tunafika takriban 155. Kwa mzigo huo ningependekeza boila mbili za kilowati 100 kila moja, kwa kuwa moja ikiwa kwenye ukaguzi au matengenezo, dobi litaendelea kufanya kazi, japo kwa mwendo wa pole.

Someni pia kibao cha boila kwa makini, kwa sababu kiasi cha mvuke kinachoandikwa hapo mara nyingi huchukulia kwamba maji yanaingia yakiwa tayari na nyuzi 100. Boila iliyoandikwa kilo 300 kwa saa kwa kipimo hicho, ikilishwa maji ya nyuzi 30 na kutoa mvuke wa bari 7, itatoa kilo 255 hivi.

Baada ya mzigo kujulikana, ndipo matundu ya hewa yanapokokotolewa, na hukokotolewa kwa nguvu ya vichomeo, si kwa ukubwa wa chumba. Boila za kilowati 200 zenye ufanisi wa asilimia 85 hula kilowati 235 za gesi, yaani mita za ujazo 25 hivi kwa saa, na gesi hiyo huhitaji karibu mita za ujazo 300 za hewa kwa saa, pamoja na ziada ya asilimia 20 ambayo kichomeo hupewa ili moto uungue kikamilifu. Kanuni ya Uingereza inayotumiwa sana kwa vyumba vya boila hudai sentimita za mraba 4 kwa kila kilowati inayoingia kwenye matundu ya chini na 2 kwenye ya juu, yote yakifunguka nje moja kwa moja. Kwa hoteli yetu hiyo ni 940 chini na 470 juu. Hizo ni sentimita za uwazi halisi. Vibao vya kuzuia mvua huziba karibu nusu ya tundu, hivyo tundu la chini linapaswa kuwa na upana na kimo cha sentimita 45 hivi. Kwa joto la pwani ningeongeza la juu hadi lilingane na la chini, maana mhudumu wa boila naye ni mtu. Wavu wa mbu usiwekwe kabisa: nyuzi za taulo zinazopeperuka huufunika, na baada ya miezi michache tundu linakuwa pambo tu. Wavu wa kuzuia panya na ndege, wenye matundu ya milimita 6 au zaidi, unatosha.

Hatari kubwa zaidi, na ambayo michoro mingi huisahau, inatoka chumba cha pili. Mashine mbili za kukaushia zinaweza kutupa nje mita za ujazo 2,500 za hewa kwa saa, mara nane ya ile inayohitajiwa na vichomeo. Chumba cha kufulia kisipokuwa na matundu yake yenyewe, hewa hiyo itavutwa kupitia mlango wa chumba cha boila, na boila ikiwa imezima itavutwa hata kupitia dohani, ikirudi na moshi wa boila ya jirani. Inakuja pia na mvuke wa dawa ya kung'arisha nguo, ambao ukiingia kwenye moto hugeuka asidi inayokula mabomba ya boila. Kwa hiyo vyumba viwili visiwe na mlango wa kupitiana; mhudumu aingie kwa mlango wa nje.

Dohani nayo isinakiliwe kutoka jedwali la nchi za baridi. Moshi wa boila ya mvuke hutoka na nyuzi kama 220, na kinachoupandisha ni tofauti ya uzito kati yake na hewa ya nje. Dohani ya mita 8 yenye wastani wa nyuzi 190 ndani huvuta takriban paskali 44 hewa ya nje ikiwa nyuzi 0, lakini kwa nyuzi 30 za Mtwara huvuta 34 tu. Kila boila ipewe dohani yake ya milimita 150: moshi utapita kwa mita 4 hivi kwa sekunde na msuguano utakula kama paskali 10, hivyo kinachobaki kinatosha kulipia viwiko vichache, si viwiko vingi wala bomba refu la kulala. Chuma kisichoshika kutu, cha daraja la 316, ndicho kinachostahimili chumvi ya bahari. Mdomo upite juu ya paa, mbali na madirisha ya wageni, na matundu ya hewa yawe kwenye kuta mbili ili upepo wa kusi au wa kaskazi usipate tundu la pekee la kunyonya.

Katika mkataba andikeni kwamba boila hazitapokelewa kabla ya kukaguliwa na OSHA, na kabla ya jaribio hili: mashine zote za kukaushia ziwashwe, milango na madirisha yafungwe, boila moja iwake kwa nguvu zote na nyingine izimwe. Ubani ufukizwe kwenye kitundu cha kupimia moshi cha boila iliyozimwa. Moshi wake ukivutwa ndani, dohani inavuta vizuri, na ukisukumwa usoni mwa fundi, chumba kina upungufu wa hewa. Kwenye dohani ya inayowaka, kipimo kionyeshe oksijeni ya asilimia 3 hadi 5, na kaboni monoksaidi isizidi sehemu 100 kwa milioni. Ikizidi, matundu yapimwe upya kabla fundi hajagusa kichomeo.