Rejista ya mahudhurio inayojipigia asilimia yenyewe

Wale mnaosimamia vikundi vya mafunzo, acheni kuhesabu tiki kwa kidole jamani. Kwenye Excel weka majina safu B, vipindi 12 vikae C mpaka N, tarehe juu. Kila siku unajaza Y (yupo), H (hayupo) au R (ruhusa), halafu O2 unaandika hii na kuiburuta chini:

```
=IFERROR(COUNTIF(C2:N2,"Y")/(COUNTA(C2:N2)-COUNTIF(C2:N2,"R")),"")
```

Bonyeza alama ya % basi.

Mwanzo mimi nilikuwa nagawanya kwa 12 moja kwa moja, sasa wiki ya tano mtu kahudhuria mara 4 kati ya 5 anasoma 33%, akaja juu kweli, na alikuwa na haki maana ni 80%. COUNTA inahesabu visanduku vilivyojazwa tu, kwa hiyo vipindi vya mbele havimuumizi mtu, na aliyejiunga katikati unamwachia wazi siku za nyuma. Mwenye ruhusa haongezewi wala hapunguziwi: Y 3, H 1, R 1 inatoa 75%.

Ila angalia nafasi! Ukiandika "Y " yenye nafasi nyuma, kwa macho huioni lakini haihesabiwi kama yupo, asilimia inashuka kimya kimya. Dawa yake chagua C2 hadi mwisho wa majina safu N, nenda Data, Data Validation, List, andika Y,H,R, hapo unachagua tu huandiki.